Paa kabla ya mvua, tenki baada ya mvua

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam, mwanzoni mwa Septemba. Wengi hawakuweza kufika na wameomba yote yaliyosemwa, kwa hiyo nayaweka hapa kama yalivyosemwa.

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mabalozi wetu, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, vijana: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni kwa kuja, maana najua Jumapili jioni kila mtu ana lake.

Mwenyekiti ameniita kama fundi bomba wenu niseme kuhusu kutunza nyumba. Kazi yangu inaniingiza kwenye nyumba za watu wakati mambo yameshaharibika, na kila mara nasikia neno lile lile: "Fundi, tulikuwa tunapanga kuangalia." Tulikuwa tunapanga lini? Mwezi gani? Tarehe ngapi? Hapo ndipo watu wananyamaza.

Leo nataka tutoke hapa na tarehe. Na tarehe zenyewe hatuzitoi hewani, mvua zetu zinatupangia. Dar es Salaam tuna vuli, Oktoba mpaka Desemba. Tuna masika, Machi mpaka Mei. Mtu akiniuliza lini apande kwenye paa na lini afungue tenki, namjibu hivi: paa kabla ya mvua, tenki baada ya mvua. Paa kabla, tenki baada. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na tenki, kwa sababu huko ndiko kwenye mambo mengi tusiyoyaona.

Ndugu zangu, nani hapa anajua kuna nini chini ya simtenki lake sasa hivi?

Simtenki haitoi maji kutoka sakafuni kabisa. Tundu la kutolea maji liko juu kidogo ya sakafu, vidole vitatu au vinne. Limewekwa hivyo makusudi, ili tope linalotuama lisiingie kwenye bomba. Ni jambo jema, lakini maana yake ni kwamba lile tope halitoki lenyewe hata siku moja. Linabaki, linaongezeka. Kila maji yanapoingia yanaleta mchanga kidogo, kutu kidogo, udongo kidogo, na mwaka hadi mwaka ile nafasi ya vidole vitatu inajaa.

Sasa fikirieni siku ya mgao. Maji yamekatika siku tatu, tenki limeshuka mpaka karibu na tundu. Siku ya nne usiku maji yanarudi kwa kasi, yanaporomoka moja kwa moja juu ya lile tope na kulitibua lote. Mama anaamka asubuhi, anafungua bomba, maji yana rangi ya chai. Analaumu maji ya mtaani. Wakati mwingine ni kweli yamekuja machafu, lakini mara nyingi uchafu ule ulikuwa nyumbani kwake siku zote.

Unajuaje ni upi? Chota ndoo kwenye bomba linaloingiza maji kabla hayajafika kwenye tenki, chota na nyingine kwenye bomba la jikoni. Ziweke pamoja uangalie. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili ikiwa chafu, tatizo ni tenki lako.

Kuna jingine ndani ya hilo tope. Maji ya DAWASA yanatiwa dawa, yanakuja na klorini kidogo iliyobaki ya kuyalinda njiani. Klorini hiyo ikikutana na tope na utelezi wa ukutani, inaishia hapo hapo. Kwa hiyo maji yaliyoingia yakiwa salama yanakaa siku mbili ndani ya tenki chafu yakiwa hayana ulinzi tena. Ndiyo maana kumwaga dawa juu ya tenki chafu hakusaidii. Klorini haili tope. Unaanza kutoa tope, ndipo unatia dawa. Nasema tena kwa sababu watu wengi wanageuza: tope kwanza, dawa baadaye.

Na ukuta wa tenki usugueni. Msisuuze tu, sugueni. Mnakumbuka dengi ya mwaka 2014? Mnakumbuka ya 2019? Mbu anayeeneza dengi anapenda maji yaliyotulia ya nyumbani: pipa, ndoo, tenki lisilo na mfuniko. Na hatagi mayai kwenye maji yenyewe. Anayabandika ukutani, juu kidogo ya pale maji yanapofikia. Mayai yale yanaweza kukaa makavu miezi mingi, yanasubiri. Siku maji yakipanda na kuyafunika, yanaanguliwa. Kwa hiyo mtu anayemwaga maji yote, akasuuza chini na kujaza upya, anaweza kuwa ameyaacha mayai yote pale pale na kisha ameyapa maji. Brashi ndiyo inayoyatoa.

Sasa tuifanye kazi yenyewe. Tuchukue simtenki la lita 1000, maana ndilo tulilonalo wengi.

Funga maji yanayoingia siku moja au mbili kabla, mtumie yaliyomo kufulia na kudekia, msimwage bure. Yakibaki kiasi cha shubiri moja, zima pampu kwenye swichi kubwa. Si kwenye kitufe cha pampu tu, kwenye swichi kubwa. Kisha sugua kuta zote kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje, ukitumia maji hayo hayo yaliyobaki. Sabuni ya unga usiitumie, inaganda kwenye plastiki na harufu yake utaikuta kwenye chai. Usitumie steli waya, inakwaruza plastiki na mwani unapata pa kushika. Ukimaliza kusugua, toa tope lote kwa kopo na dekio, au kama tenki ni tupu na liko chini, lilazeni limwage. Suuza mara mbili.

Ndipo dawa. Tumia ile klorini ya maji tunayofulia nguo nyeupe, isiyo na manukato. Angalia kwenye chupa imeandikwa asilimia 3.5, na angalia tarehe, kwa sababu dawa ile inapungua nguvu ikikaa, na kwenye joto letu inapungua haraka zaidi. Njia ya kwanza ni kujaza tenki na kutia dawa lita moja na nusu kwa kila lita 1000, unafunika, unaacha usiku mzima, bila mtu yeyote kutumia maji hayo. Asubuhi unafungua kila bomba la nyumba mpaka usikie harufu ya dawa, ili na mabomba yasafike, halafu unamwaga yote.

Najua mnachofikiria. Lita 1000 za kumwaga, kwa mtu aliyenunua maji ya boza? Kwa hiyo iko njia ya pili, na ndiyo ninayoitumia zaidi. Ndoo moja ya lita 20, tia dawa mililita 120, yaani karibu nusu ya kikombe kikubwa cha chai. Chovya brashi safi, paka kuta zote, sakafu na mfuniko kwa ndani. Hakikisha panabaki pamelowa kwa nusu saa, pakikauka paka tena. Baada ya hapo suuza, mwaga, jaza. Ndoo moja imefanya kazi ya tenki zima.

Mambo matatu ya hatari, na hapa naomba hata watoto wasikilize. Usichanganye dawa hiyo na dawa ya kusafishia choo, wala siki, wala kitu kingine. Inatoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Usiingize mtoto ndani ya tenki kwa sababu eti mwili wake unapita kwenye mdomo. Na tenki la chini ya ardhi, lile la zege, asiingie mtu peke yake hata kama ni fundi wa miaka thelathini. Mle hewa inaweza kuwa haitoshi na hutaijua kwa pua. Mtu anashuka, miguu inalegea, anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa na yeye anaanguka. Mifuniko yote ifunguliwe mapema, aliyeshuka afungwe kamba, na juu wawepo watu wawili wa kumvuta. Na kamwe msishushe pampu ya petroli mle ndani. Moshi wake unaua kimya.

Nimetaja tenki la zege, basi niwape kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kusema "tenki baada ya mvua".

Kuna familia, si mbali na hapa, wana tenki la chini lita 10,000 na simtenki la lita 2000 juu ya mnara. Watu waangalifu sana. Simtenki walikuwa wanalisafisha kila baada ya miezi sita bila kukosa. Lakini kila mwaka ikifika Mei maji yananuka, watoto wanaumwa matumbo, wanasafisha simtenki, wiki mbili maji yananuka tena. Wamebadilisha mabomba. Wamebadilisha pampu. Mama wa nyumba hiyo akaniambia, "Fundi, mimi sasa naamini maji yenyewe ndiyo mabovu." Lakini jirani yake anapata maji kwenye bomba hilo hilo la barabarani, na ya jirani hayanuki. Sasa kwa nini yanuke upande mmoja wa ukuta tu?

Nikawaomba kitu kimoja. Tulijaza tenki la chini, tukafunga maji yanayoingia, tukazima pampu, na saa mbili usiku tukaweka alama ya chaki ukutani pale maji yalipofika. Asubuhi saa mbili tukafunua. Maji yalikuwa chini ya chaki kwa sentimita 4. Mnaona ni kidogo? Sakafu ya tenki lile ni mita 2 kwa mita 2 na nusu, yaani mita za mraba 5. Sentimita 4 kwenye eneo hilo ni lita 200. Ndoo kumi za lita 20 zilikuwa zimeondoka usiku mmoja, hakuna bomba lililofunguliwa.

Bili kubwa, mtasema. Ndiyo, bili ilikuwepo. Lakini bili haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa ni hili: ufa unaotoa maji nje ndio huo huo unaoingiza maji ndani. Kiangazi, maji ya tenki yako juu kuliko maji ya ardhini, kwa hiyo yanatoka. Masika, ardhi ya Dar inashiba maji, kwenye maeneo ya chini unachimba kidogo tu unakutana nayo. Siku tenki likishuka kwa sababu ya mgao, maji ya ardhini yanakuwa juu kuliko ya tenki, yanageuza njia na kuingia. Na katika nyumba ile karo la choo lilikuwa hatua nane kutoka pale. Walikuwa wanasafisha tenki la juu, na chini yao wanachota kwenye ardhi iliyolowa maji ya karo.

Ufa ulikuwa pale bomba linapopenya ukuta, mahali ambapo simenti na plastiki havishikani vizuri. Tulichimbua, tukaziba kwa simenti yenye dawa ya kuzuia maji, tukaacha siku saba ikomae, tukajaza na kupima tena kwa chaki. Usiku wa pili chaki na maji vilikuwa sawa. Ndipo tukasafisha matenki yote mawili na kutia dawa. Kuanzia hapo kazi yao ya Juni inaanza na chaki, kabla ya brashi.

Sasa mnaelewa kwa nini nasema baada ya mvua. Mvua ndiyo inayoleta uchafu kwenye tenki: maji ya mtoni yanachafuka, ardhi inapenyeza, na wanaokinga maji ya bati wanaingiza kila kinyesi cha ndege. Ukisafisha Aprili katikati ya masika unasafisha kazi itakayoharibika wiki ijayo. Safisha Juni, masika ikishaondoka. Safisha tena Januari, vuli ikishaondoka. Mara mbili kwa mwaka zinatosha kwa nyumba nyingi. Mwenye kutumia maji ya boza au kisima chenye mchanga afunue aangalie kila miezi mitatu, akiona sakafu haionekani asingoje. Na ambaye hajawahi kusafisha kabisa, yeye asisubiri Januari. Aanze wiki hii.

Na tafadhali, kusafisha tenki hakuondoi kuchemsha maji ya kunywa. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar. Endeleeni kuchemsha.

Haya, tupande kwenye paa. Leo ni mwanzo wa Septemba, kwa hiyo hili ndilo la kufanya sasa.

Bati halivuji katikati mara nyingi, linavuja kwenye msumari. Chini ya kichwa cha kila msumari wa bati kuna washa ya mpira. Jua la hapa linaukausha mpira ule, unapasuka, na joto la mchana na baridi ya usiku vinalilegeza bati kidogo kidogo mpaka msumari unainuka. Anayeishi karibu na bahari ana chumvi ya hewani juu ya hayo yote, na kwake kutu inaanza mapema. Usitembeetembee kwenye bati kutafuta tundu, utaongeza matundu. Ingia darini mchana, zima taa, kaa kimya dakika chache mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litakuonyesha nuru. Weka alama kwa chaki kwenye papi iliyo karibu, ndipo fundi apande akijua anakwenda wapi. Aliyekuja na grainda kukata bati afagie vumbi la chuma kabla ya kushuka. Vumbi lile likibaki linashika kutu, na kutu yake inakula rangi ya bati lililo chini.

Lakini paa linalonipa kazi nyingi siku hizi si lile la zamani. Ni hili la kisasa, paa lililofichwa. Tunalipenda, linapendeza, nyumba inaonekana kama boksi safi. Mnajua maji yake yanakwenda wapi? Paa la kawaida likizidiwa, maji yanamwagikia uani, basi. Paa lililofichwa limezungushiwa ukuta, maji yote yanakusanyika kwenye gata lililo ndani ya ukuta huo na kutoka kwa bomba moja au mawili. Bomba likiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya nyumba yako.

Kuna bwana mmoja alibadilisha jipsamu ya sebuleni mara mbili. Kila mvua kubwa doa la kahawia linarudi, duara ndani ya duara, pale pale juu ya televisheni. Mafundi walipaka silikoni kwenye kila msumari ulio juu ya doa. Doa likarudi. Shida ni kwamba maji yakiingia hayadondoki papo hapo. Yanafuata kenchi, yanateleza kwenye papi, yanadondoka mita tatu mbali na yalipoingilia. Ukiziba juu ya doa, unaziba mahali pasipo na tundu.

Tulifanya hivi. Siku kavu, mmoja juu na mpira wa maji, mmoja darini na tochi, simu mkononi. Umeme wa taa za sebuleni tulizima kwanza. Tunaanza kumwagia sehemu ya chini ya paa, dakika kumi, hakuna kitu. Tunapanda kidogo, dakika kumi, hakuna kitu. Kila sehemu kwa zamu, kutoka chini kwenda juu, maana ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua ni wapi. Mpaka juu kabisa, hakuna tone. Bati lilikuwa zima! Ndipo tukajaza gata lenyewe. Halikutoa maji. Likapanda, likafika ukingoni, na kijana aliyekuwa darini akapiga kelele. Bomba la inchi 2 lilikuwa limezibwa na majani ya mwarobaini na mfuko mmoja wa plastiki.

Kwa hiyo jipsamu mara mbili, silikoni makopo kwa makopo, na ugonjwa ulikuwa majani. Tulizibua, tukaweka wavu wa waya mdomoni mwa bomba, na tukafanya jambo ambalo namwomba kila mwenye paa lililofichwa alifanye: tukatoboa tundu la pili kwenye ukuta wa nje, chini kidogo ya usawa ambao maji yakifika yanaingia ndani. Siku bomba likiziba tena, maji yatamwagika nje mbele ya macho yako na utajua siku hiyo hiyo. Tundu hilo linatosha kuokoa dari zima.

Paa, basi, Septemba kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika. Mwenye mwembe au mwarobaini juu ya nyumba azoe majani kila mwezi mvua zikiwa zimeanza. Na wanaokinga maji ya bati kwenye tenki: mvua ya kwanza baada ya kiangazi toeni bomba, iende chini. Inaosha paa hiyo, si ya kuhifadhi.

Vyombo vya umeme na gesi nitavipitia haraka, kwa sababu vingi vina kitabu chake na fundi wake.

Kiyoyozi kinafanya kazi ngumu Desemba mpaka Machi. Fundi aje Novemba, kabla ya joto, asifungue cha ndani tu, asafishe na cha nje. Wa karibu na bahari waongeze mara moja Mei. Vichujio vya ndani mnavitoa wenyewe kila wiki mbili hadi nne, mnaosha kwa maji, mnakausha kivulini. Kiyoyozi kikianza kudondosha maji ukutani, aghalabu mpira wa kutolea maji umeziba kwa utelezi, si gesi. Muulize fundi aliangalie hilo kabla hajakuuzia gesi. Na maji yake msiyaache yadondokee kwenye bati, yanaliharibu. Yaelekezwe chini.

Friji liachieni nafasi nyuma lipumue, na vumbi la nyuma lifagiwe mara mbili kwa mwaka likiwa limechomolewa. Fungia karatasi mlangoni uivute: ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka na friji linahangaika bure kutwa nzima. Barafu ikifika unene wa kidole, yeyusheni, wala msiichokoe kwa kisu.

Gesi: kila mnapobadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye kichwa na kwenye mpira wote. Povu likichemka, fungeni mtungi, fungueni madirisha, msiguse swichi yoyote. Mpira uliopasukapasuka au mgumu haufungwi kwa utepe. Unatupwa.

Sasa la mwisho, na hili ndilo linalokwamisha nyumba nyingi. Nani anakumbuka?

Mnalo tenki moja wapangaji sita. Mwenye nyumba anasema wapangaji ndio wanaotumia. Wapangaji wanasema tenki ni la mwenye nyumba. Chumba namba moja anadhani namba nne alisafisha. Miaka mitatu inapita. Ndugu zangu wenye nyumba, andikeni kwenye mkataba: tenki Juni na Januari, nani analipa dawa, nani anashika brashi. Sentensi moja inatosha. Mimi ningesema mwenye nyumba alipie na wapangaji wafanye, lakini kubalianeni wenyewe.

Halafu andikeni tarehe juu ya kitu chenyewe. Siyo kwenye daftari, daftari linapotea. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika ubavuni mwa tenki, upande wa kivuli: limesafishwa tarehe fulani, linalofuata tarehe fulani, na jina la aliyesafisha. Jina ni muhimu. Kwenye simu, fungua kalenda, weka Septemba paa, Novemba kiyoyozi, Januari tenki, Februari paa, Juni tenki, na uchague ijirudie kila mwaka. Iweke Jumamosi asubuhi, siyo Jumatatu ukiwa kwenye daladala, maana utaizima na kuisahau. Na watu wawili ndani ya nyumba wawe nayo, mmoja akisafiri mwingine abaki nayo.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimeongea sana, nashukuru kwa uvumilivu. Jumamosi hii saa mbili asubuhi nasafisha simtenki la hapa ofisi ya mtaa, kwa ile njia ya ndoo moja. Anayetaka kuona kwa macho aje. Aje na brashi ya mpini mrefu na glavu, dawa nitakuwa nayo mimi. Wenye matenki ya zege leteni vipimo vya sakafu, urefu na upana, tutapiga hesabu ya chaki pamoja pale pale. Na wenye paa lililofichwa msisubiri Jumamosi, kesho asubuhi pandisheni mtu akaangalie bomba.